Ndoto ya Gari Lisiloshika Breki

Ndoto ya namna hii si utabiri. Mara nyingi ndoto huchukua hofu ya mchana na kuivika picha tunayoijua. Sisi wa Bujumbura picha hiyo tunayo: barabara itokayo Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ikiteremka hadi ziwani, penye mita 774. Dereva akikanyaga breki mfululizo, hupata moto, hutoa harufu ya kuungua, kisha hazishiki tena. Ndiyo maana dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko.

Mimi niliota naendesha gari kama hilo nilipokuwa nikichagua kati ya ualimu na kazi ya bandarini. Nilipoamka nilijiuliza: nimehisi nini, na mchana nilihisi hivyo wapi? Nikakumbuka: baba mdogo alikuwa amekwisha kuwaahidi watu wa bandarini kwamba nitakuja. Basi ndoto haikusema kwamba ualimu ni bora. Ilionyesha tu kwamba jambo linakwenda mbio kuliko fikira zangu. Nikamwomba baba mdogo siku saba za kufikiri, naye akanipa.