SOMO: Kugeuza Orodha ya Bei ya Simu kuwa Proforma

Wengi wetu tunaoshona nguo sokoni Rumonge na katika miji ya kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Magara hadi Nyanza-Lac, tunatangaza bei kwa ujumbe wa simu. Katika somo hili tutaona kwa nini ujumbe huo haufai kuwa mapatano, na jinsi ya kuugeuza kuwa proforma, yaani hati ya bei ambayo ikishakubaliwa inawafunga fundi na mteja. Bei zote zilizomo ni za mfano tu.

Tuchukue ujumbe huu wa WhatsApp: «Gauni la kitenge 71,000. Shati 35,000. Avansi nusu. Karibuni.»

Kosa la kwanza ni kwamba ujumbe hauna tarehe ndani yake. Mtu akimpelekea jirani yake, simu ya jirani huonyesha siku aliyoupokea yeye, si siku fundi alipouandika. Hivyo bei ya miezi mitatu iliyopita inafika mlangoni kama bei ya leo. Kosa la pili ni kwamba hausemi kama kitenge kimo ndani ya hizo 71,000 au mteja atakileta mwenyewe. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo.

Sasa tufanye hesabu. Kikundi cha akina mama kinataka magauni 10 ya sare kwa arusi. Kipande cha kitenge cha yadi 6 kinatoa magauni mawili, basi vinahitajika vipande 5. Kwa bei ya 80,000 kila kimoja, ni faranga 400,000. Bitana, zipu na uzi ni 6,000 kwa gauni, jumla 60,000. Ushonaji ni 25,000 kwa gauni, jumla 250,000. Yote pamoja ni faranga 710,000.

Avansi ya nusu ni 355,000, lakini vifaa peke yake ni 460,000. Fundi atatafuta 105,000 mfukoni mwake au atakopa, kabla hajakata hata gauni moja. Kwa hiyo tusikadirie avansi kwa mazoea. Avansi iwe sawa na gharama ya vifaa, kwa sababu kitambaa kikishakatwa kwa vipimo vya mtu hakiuziki tena. Kazi ya mikono ndiyo italipwa wakati wa kuchukua nguo.

Muda wa bei nao una kipimo chake. Tumuulize kwanza mwenye duka la vitenge atashikilia bei yake mpaka lini. Akisema tarehe 10, sisi tuandike tarehe 9, tupate siku moja ya kununua. Kitenge kikipanda kwa 8,000 kabla hatujanunua, vipande 5 vinakula 40,000, na fedha hizo zinatoka katika ujira wetu wa 250,000. Mwenye duka asipoahidi kitu, muda uwe mfupi sana, siku mbili au tatu.

Ujumbe wetu ukiandikwa upya unakuwa hivi:

PROFORMA. Rumonge, 3 Juni 2026.
Magauni 10 ya kitenge, pamoja na kitambaa, bitana, zipu na uzi: faranga 71,000 kila moja. Jumla 710,000.
Bei hii ni halali mpaka 9 Juni 2026. Avansi ikilipwa kabla ya siku hiyo kwisha, bei haibadiliki.
Avansi: 460,000. Salio: 250,000, siku ya kuchukua nguo.
Nguo zitakuwa tayari siku 14 baada ya kupokea avansi na vipimo vya watu wote 10.
Mteja akivunja kabla kitambaa hakijanunuliwa, atarudishiwa avansi yote. Kikiwa kimenunuliwa lakini hakijakatwa, atapewa vifaa na fedha iliyobaki. Kikiwa kimekatwa, avansi hairudi, na atachukua nguo zilipofikia.
Fundi akishindwa kushona, atarudisha avansi yote.

Tuangalie mstari wa siku 14. Haukutaja tarehe ya kalenda, kwa sababu mara nyingi fedha hufika mapema, na vipimo vya mtu wa mwisho huchelewa. Mistari ya kuvunja mapatano nayo ni ya lazima, kwani neno «avansi» peke yake halisemi fedha itakuwa ya nani mmoja akijitoa.

Mteja ajibu kwa maandishi kwamba amekubali, nasi tumpe stakabadhi ya avansi yenye tarehe ya proforma. Tarehe 9 ikipita bila malipo, hati imekufa. Tusiibadilishe ile ya zamani, bali tuandike mpya yenye tarehe mpya.

Maswali ya kujadili:
1. Mteja akileta kitenge chake, avansi iwe kiasi gani?
2. Avansi ikifika 10 Juni, fundi afanye nini?