Kufuta Picha za Vitambulisho Simuni: Somo kwa Makatibu wa Vikundi

Kikundi kinachoomba mkopo wa asilimia 10 unaotolewa na Halmashauri hutakiwa kuwa na nakala za vitambulisho vya wajumbe wake. Mara nyingi nakala hizo huanzia katika simu ya katibu. Anawapiga picha wajumbe kadi zao za NIDA, anazituma kwa WhatsApp kwa mwenye duka la stesheneri, zinachapishwa, kisha anazifuta. Somo hili linaeleza kwa nini kufuta huko hakutoshi, na nini kifanyike ili picha hizo ziondoke kweli.

Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha akina mama kumi katika Kata ya Bulongwa, mwenye simu ya Android. Siku ya Jumatatu anapiga picha kumi za kadi. Jumatano, baada ya fomu kukamilika, anafungua Gallery ya simu, anazichagua zote kumi na kuzifuta. Miezi mitatu baadaye ananunua simu nyingine, anaingiza anwani yake ileile ya Gmail, na picha zote kumi zinajitokeza tena. Hakuna aliyezirudisha. Hazikuwa zimeondoka.

Sababu ni kwamba simu nyingi za Android huja na programu iitwayo Google Photos. Ikiwa sehemu yake ya Backup imewashwa, kila picha inayopigwa hunakiliwa na kupelekwa katika hifadhi ya mtandaoni ya akaunti ya mwenye simu. Tangu hapo picha moja inakuwa mbili: moja ndani ya simu, nyingine kwenye akaunti. Gallery iliyokuja na simu kwa kawaida inaijua ile ya ndani tu. Ukiifuta humo, ya kwenye akaunti hubaki, na simu yoyote itakayofunguliwa kwa akaunti hiyo itaionyesha.

Kwa kawaida programu hii husubiri mtandao wa Wi-Fi ndipo ipeleke picha, isipokuwa imeruhusiwa kutumia bando. Kwa hiyo picha iliyopigwa Bulongwa yaweza kukaa simuni siku kadhaa, kisha ikapanda mtandaoni siku katibu alipofika Njombe na kuunganisha simu kwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni. Ndiyo maana makatibu wawili waliofanya jambo lilelile hupata matokeo tofauti: aliyefuta kabla picha haijapanda aliimaliza palepale, aliyefuta baadaye aliondoa nusu.

Namna ya kutambua

Kabla ya kufuta, fungua picha hiyo ndani ya Google Photos, kisha ivute juu kwa kidole ili maelezo yake yaonekane. Ukiona neno Backed up, nakala ipo mtandaoni. Tazama pia duara lililo juu upande wa kulia, linaloonyesha akaunti inayotumika. Wapo watu ambao simu zao zilifunguliwa dukani na muuzaji kwa anwani aliyoiunda mwenyewe, wala hawalijui nywila lake. Picha za simu ya namna hiyo huenda kwenye akaunti ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua. Aliye katika hali hiyo azime Backup kwanza, afute picha kwa utaratibu unaofuata, kisha afungue akaunti yake mwenyewe.

Utaratibu wa kufuta

Hakikisha simu ina bando, kwa sababu agizo la kufuta halifiki kwenye akaunti pasipo mtandao.

1. Fungua Google Photos, si Gallery. Chagua picha zote kumi na ubonyeze alama ya pipa. Usichague Delete from device wala Free up space, kwa kuwa hizo huondoa nakala ya simuni na kuiacha ya mtandaoni.

2. Nenda sehemu ya Collections (Library katika matoleo ya zamani), fungua Trash, ambayo baadhi ya simu huiita Bin, kisha ufute picha humo pia. Picha iliyokuwa imepanda mtandaoni hukaa humo siku 60 kabla ya kujifuta, na muda huo wote yeyote mwenye akaunti hiyo anaweza kuirejesha.

3. Fungua Gallery ya simu na utafute pipa lake, ambalo aghalabu huitwa Recently deleted. Nalo huhifadhi picha kwa kawaida siku 30. Lisafishe.

Hapa tahadhari inahitajika. Kufuta ndani ya Google Photos huondoa picha mtandaoni na simuni kwa pamoja. Anayetaka kupunguza picha za mtandaoni huku akibaki na za simuni, kwa mfano picha za mzazi aliyefariki, asitumie njia hii kabla hajazinakili kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu.

Upande wa WhatsApp

Picha iliyotumwa kwa mwenye stesheneri ina maisha yake mengine. Ipo katika mazungumzo ya katibu, katika mazungumzo ya mpokeaji, na pengine katika kompyuta ya duka ikiwa ilipakuliwa humo ili ichapishwe. Amri ya Delete for everyone hufanya kazi kwa muda wa siku mbili na ushei tu tangu ujumbe utumwe, na hata ndani ya muda huo haifikii nakala iliyokwisha kupakuliwa kwenye kompyuta. Njia ya hakika ni kubaki dukani hadi uchapishaji uishe, kisha kumwomba mwenye duka afute mazungumzo na faili la kwenye kompyuta mbele yako.

Katibu naye afute picha katika mazungumzo yake, akikubali pia kuziondoa kwenye simu. Kisha aingie Settings, Chats, Chat backup, na kubonyeza Back up. WhatsApp huhifadhi mazungumzo katika akaunti ya Google, na hifadhi mpya huchukua nafasi ya ile ya awali. Asipofanya hivyo, hifadhi ya juma lililopita, yenye picha ndani yake, ndiyo itakayorejeshwa siku atakapobadili simu.

Kuhakiki

Usihakiki kwa simu iliyofutia. Tumia kompyuta au simu nyingine unayoiamini, fungua photos.google.com kwa akaunti yako, utafute kwa tarehe ya siku uliyopiga picha, kisha utazame na Trash. Pasipoonekana kitu sehemu zote mbili, kazi imekwisha. Ukimaliza, kumbuka kutoka kwenye akaunti.

Kadi ya NIDA ina jina, tarehe ya kuzaliwa, sahihi na namba ambayo haibadilishwi kama nywila. Mjumbe aliyemkabidhi katibu kadi yake apigwe picha alifanya hivyo kwa ajili ya fomu moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Kwa hiyo inafaa kikundi kiandike katika muhtasari wa kikao: picha zilipigwa lini, zilitumwa kwa nani, na zilifutwa na kuhakikiwa lini. Mjumbe anayetaka kuthibitisha ana haki ya kuuliza, na katibu atakuwa na jibu.