Dondoo muhimu: Kupanga picha 12 kwa jozi

Anayepanga ubora wa picha 12 za Jinja na Mbale hulinganisha kila picha na nyingine zote, mbili kwa wakati mmoja, yaani jozi 66 (12 × 11 ÷ 2), na kuipa iliyopendelewa ushindi mmoja. Jumla ya ushindi isipofika 66, kuna jozi iliyorukwa. Picha mbili zikilingana kwa idadi ya ushindi, matokeo ya jozi yao huamua. Lakini ikiwa daraja la Nailo limeishinda miamba ya Wanale, Wanale ikaushinda mtaa wa Mbale, na mtaa ukalishinda daraja, huo ni mzunguko, na picha hizo tatu zikiwa na ushindi sawa, ni haki zaidi zipewe nafasi moja kuliko kulazimisha tofauti ambayo jicho halikuiona.