Mas'ala ya Akaunti ya Ushirika katika Benki

Bismillahi Rahmani Rahim. Amma baad, fahamu ewe ndugu mas'ala haya.

Zaid na Amru ni watu wa pwani. Amru akaa Sumbawanga, anunua mahindi na maharage ya Ufipa. Zaid ayauza Tanga. Zaid alitoa shilingi 6,000,000, Amru 3,000,000, wakazichanganya hata zisipambanuke, na kila mmoja akampa mwenziwe idhini ya kuuza na kununua. Wakaziweka benki katika akaunti moja isiyo na riba, kwa sharti kwamba sahihi ya mmoja yatosha. Zaid akafa, na katika akaunti mna shilingi 9,600,000. Je, Amru aweza kuzitoa?

Jawabu: ushirika huu ni sharikatul inani, nao wasihi kwa madhehebu ya Imamu Shafii. Faida na hasara hufuata kadiri ya mali. Wakishartiana kinyume, sharti hilo huuharibu ushirika. Basi thuluthi mbili ni za Zaid, na thuluthi ni ya Amru. Sahihi ni uwakala tu: yamruhusu mtu kutoa, haimmilikishi.

Ama kuachana, kila mmoja ana haki ya kuuvunja ushirika apendapo. Akisema, "Nimeuvunja," wote wawili hawana ruhusa tena. Akisema, "Nimekuuzulu," aliyeambiwa huuzulika, msemaji hubaki. Lakini benki haikusikia neno hilo; yampasa aiandikie siku ile ile, ili sahihi ziwe mbili mpaka wagawane.

Ama mauti, huukata uwakala hapo hapo, hata kama Amru hana habari. Alichokitoa baada ya hapo zaidi ya fungu lake atakirejesha. Na hati ya benki ikisema aliyebaki hupewa zote, hiyo yaiondolea benki lawama ya kulipa, haibatilishi urithi.

Basi Amru aijulishe benki, naye asitumie kadi wala simu. Warithi waende Mahakama ya Mwanzo kumwomba msimamizi wa mirathi, kisha yeye na Amru wahesabu daftari.

Fungu la Amru ni shilingi 3,200,000, na la Zaid 6,400,000. Katika hilo la Zaid hutolewa kwanza gharama za maziko na madeni, shilingi 800,000. Wasia hakuacha, zabaki 5,600,000. Wazazi wake wametangulia. Ameacha mke, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Mke apata thumuni, 700,000. Zilobaki, 4,900,000, hufanywa mafungu saba: kila mwana wa kiume 1,400,000, na binti 700,000.

Yatakayomtatiza Amru ni kukosa daftari. Asiyeandika nani alitoa ngapi, siku ya mauti hana ila kiapo, na warithi huenda wasikikubali. Basi andikeni leo kadiri ya mali zenu, mashahidi wawili watie sahihi.

Wallahu aalamu.