Barafu kwenye juisi: hesabu ya joto fiche tunavyoipiga Kihoto, Naivasha

Jumamosi moja binti wa jirani, yuko kidato cha tatu, alinijia na karatasi ya fizikia na jibu lililomkosesha raha. Swali lilisema hivi: juisi ya gramu 250 iko kwenye nyuzi 24. Inatiwa barafu ya gramu 100 iliyotoka kwenye friza, nyuzi 10 chini ya sifuri. Halijoto ya mwisho ni ngapi? Yeye alikuwa amepata nyuzi 7 chini ya sifuri.

"Mwalimu, nimepiga mara tatu. Inatoka hiyo hiyo."

Niliikagua hesabu yake mstari kwa mstari, na hakuna tarakimu aliyokosea. Alipanga joto linalotolewa na juisi upande mmoja, joto linalopokewa na barafu upande wa pili, akalinganisha, akatafuta herufi. Kilichomponza ni kitu ambacho hakukiandika popote: alichukulia kwamba barafu yote imeyeyuka. Hesabu ikamtii. Ikampa kinywaji cha majimaji, bila kipande cha barafu ndani, kilicho baridi kuliko barafu yenyewe inapoyeyuka.

Tangu siku hiyo sianzi tena na mlinganyo. Naanza kwa kupeleka kila kitu kwenye sifuri.

Maana yake ni hii. Juisi ikipoa kutoka nyuzi 24 hadi sifuri, itatoa joto kiasi gani? Hiyo ndiyo pesa iliyo mfukoni. Kisha, barafu yote ikipanda hadi sifuri na kuyeyuka kabisa, itadai kiasi gani? Hilo ndilo deni. Ukishayaona yote mawili, utajua kama pesa inatosha kabla hujaandika herufi hata moja ya halijoto ya mwisho.

Tuanze na glasi ya kawaida zaidi kuliko ile ya karatasi: vipande vitatu vya barafu, jumla gramu 60, na juisi ile ile. Juisi tunaihesabu kama maji. Si sawasawa kabisa, kwa sababu sukari hupunguza kidogo, lakini karatasi za shule huruhusu. Kilo moja ya maji hutaka jouli 4,200 kupanda nyuzi moja, na hutoa kiasi hicho hicho ikishuka. Kwa hiyo pesa iliyopo ni:

```
Q = mcΔθ = 0.25 × 4200 × 24 = 25 200 J
```

Deni la barafu lina sehemu mbili. Kwanza inapanda kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi sifuri, ikiwa bado barafu ngumu. Hapa wengi huandika 4,200 kwa mazoea, na ni kosa: kilo ya barafu hutaka jouli 2,100 tu kwa kila nyuzi. Pili inayeyuka, na hapo ndipo joto fiche linapoingia. Linaitwa fiche kwa sababu linaingia na kipimajoto hakisogei. Joto lote linatumika kuvunja mpangilio uliozishika chembe za barafu, halibaki la kuongeza halijoto. Kilo moja hula jouli 334,000. Karatasi nyingine huandika 336,000. Tumia ile iliyochapishwa kwenye swali lako, wala usibishane nayo.

```
0.06 × 2100 × 10 =  1 260 J
0.06 × 334 000   = 20 040 J
jumla            = 21 300 J
```

Tazama uzito wa hizo mbili. Kupasha barafu ni senti, kuyeyusha ndiko kunakomaliza mfuko. Joto linaloyeyusha kilo ya barafu lingeweza kuyapandisha maji ya kilo hiyo hiyo kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana vipande vitatu vya barafu hupoza glasi ambayo maji baridi ya uzito ule ule yasingeipoza hata nusu yake.

Pesa ni 25,200 na deni ni 21,300. Deni linalipwa, barafu inayeyuka yote, na jouli 3,900 zinabaki. Sasa glasi nzima ni maji ya nyuzi sifuri na chenji yake. Chenji hiyo inagawiwa kwa kila kilichomo: gramu 250 za juisi na gramu 60 za maji yaliyokuwa barafu, kilo 0.31 kwa jumla.

```
3900 ÷ (0.31 × 4200) = 3.0 °C
```

Atakayesahau kwamba barafu iliyoyeyuka nayo ni maji yanayotaka kupashwa, atagawa kwa 0.25 na kupata 3.7. Nikiona 3.7 kwenye daftari, sihitaji kuuliza alipoteleza wapi. Na nikiona 18.4, najua joto fiche lilisahauliwa lote.

Turudi kwa binti na gramu zake 100. Pesa haijabadilika, 25,200. Deni ni 2,100 za kupanda hadi sifuri na 33,400 za kuyeyuka, jumla 35,500. Haitoshi. Basi hakuna halijoto ya kutafuta: juisi na barafu vitakutana kwenye sifuri na kukaa hapo. Swali la kweli ni barafu kiasi gani imeyeyuka. Toa zile 2,100 kwanza, maana barafu haiyeyuki kabla haijafika sifuri. Zinabaki 23,100. Gawa kwa 334,000, unapata kilo 0.069. Gramu 69 zimeyeyuka, gramu 31 zinaelea.

Alilitazama jibu akasema, "Kwa hivyo jibu ni sifuri tu? Na alama nne?" Ndiyo, ni sifuri, na alama ziko kwenye kuonyesha kwa nini.

Baadaye tulijaribu jikoni, kwa sababu alitaka kuona ile 3.0 kwa macho. Barafu tuliipata kwa jirani anayeuza samaki wa ziwani, ana friza. Tulikuwa na mizani ya jikoni ya dijitali na kipimajoto cha maabara. Mara ya kwanza tulitumia glasi nzito ya kioo, tukakoroga, kipimajoto kikagoma kwenye 6. Binti akanitazama kama niliyemuuzia kitu kibovu.

Mkosaji wa kwanza alikuwa glasi. Ilikuwa na gramu 200, na kilo ya kioo hushika kama jouli 840 kwa kila nyuzi. Nayo ilikuwa kwenye nyuzi 24 kabla hatujaanza, kwa hiyo ilichangia jouli 4,000 hivi ambazo hatukuziandika. Ukiziingiza, jibu linapanda hadi karibu 5.4. Mkosaji wa pili ni barafu yenyewe. Ilisafiri kutoka kwa jirani ndani ya kopo, ikafika imelowa. Maji yaliyo juu ya kipande yanapimwa na mizani kama barafu, lakini deni lake la kuyeyuka limeshalipwa na hewa ya njiani. Tena barafu inayotoa jasho haiko tena kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, iko sifuri. Gramu 5 tu za maji hayo na barafu ya nyuzi sifuri zinatosha kukupeleka kwenye 5.2, hata kwa chombo kisichoshika joto.

Tulirudia kwa kikombe chepesi cha plastiki, barafu ikitoka kwenye friza pale pale kwa jirani na kufutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kupimwa. Tukasoma 4. Hapo nilimwambia aandike na afunge daftari.

Upande wa mvuke hesabu ni nyepesi zaidi, ila Naivasha ina mtego wake. Karatasi husema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Sisi tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya Kihoto huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayedhani kipimajoto chake kimeharibika. Kwenye mtihani andika 100 kama swali linavyosema. Kwenye jaribio andika ulichosoma.

Jaribio lenyewe: birika la umeme la wati 1,500, mfuniko wazi ili lisijizime. Liache lichemke vizuri, lipime, lirudishe kwa dakika 5, lipime tena. Dakika 5 ni sekunde 300, kwa hiyo limetumia jouli 450,000. Sisi tulipoteza gramu 180 za maji. Gawa 450,000 kwa 0.18, unapata jouli 2,500,000 kwa kilo. Kitabu kinasema 2,260,000. Tumezidisha kwa sababu sehemu ya umeme ilipasha kuta za birika na hewa ya jikoni badala ya kugeuza maji kuwa mvuke. Ukipata chini ya namba ya kitabu, shuku matone yaliyorushwa nje: yameondoka kwenye mizani bila kulipia nauli ya mvuke.

Swali la mwisho binti hakulitoa kwenye karatasi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za Kihoto, na 2025 likaja tena. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji huondoka kwa kuzama chini na kwa jua. Binti akauliza, ploti iliyofurika ingehitaji joto kiasi gani kukauka?

Tukapiga. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita mraba 464. Sentimita moja tu ya maji juu yake ni karibu kilo 4,600. Hapa 2,260,000 haifai, kwa sababu hiyo ni ya maji yanayochemka. Maji yanayokauka taratibu kwenye nyuzi 20 hivi hudai zaidi, karibu 2,450,000 kwa kilo. Jumla ni jouli bilioni 11.27. Birika letu lingelazimika kuwaka siku 87, usiku na mchana, kwa sentimita moja ya ploti moja.

"Na pampu je?"

Kuyainua maji hayo hayo mita moja ni kilo 4,600 mara 9.8, kama jouli 45,000. Birika hutumia hizo kwa sekunde 30. Alicheka, kisha akatazama nje upande wa ziwa, akauliza tungeyamwaga wapi.