MAELEZO KWA WAAJIRI NA WAFANYAKAZI: KUHESABU MALIPO YA SAA ZA ZIADA NA KUTUNZA DAFTARI LA SAA ZA KAZI KATIKA VIWANDA VIDOGO

Wenye viwanda vidogo, makarani wa mishahara na wafanyakazi wanaolipwa kwa saa, Unguja na Pemba, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini. Malalamiko mengi ya malipo ya saa za ziada hayatokani na mwajiri aliyekusudia kudhulumu. Hutokana na daftari lililoandikwa vibaya, na hesabu iliyojengwa juu ya daftari hilo.

Katika kiwanda kimoja, mfanyakazi mmoja alikatwa ujira wake kwa siku ambazo yeye alifanya kazi kupita wenzake. Mlinzi wa lango ndiye aliyeandika saa za kutoka, naye alinakili kama zilivyoonekana kwenye simu yake. Mfanyakazi huyo alipotoka saa 1:00 usiku, simu ilionyesha 7:00, na mlinzi akaandika "7:00". Karani alipolichukua daftari mwisho wa wiki alisoma saa 7:00 mchana. Kwa kuwa kazi kiwandani humo humalizika saa 9:30 alasiri, karani aliona mtu aliyetoroka kazini mapema, akamkata saa mbili na nusu. Kumbe alistahili kuongezwa saa tatu na nusu. Shauri hilo lilitatuliwa kwa kuwa mfanyakazi alikuwa na kijitabu chake mwenyewe, na kila siku ya namna hiyo alikuwa ameandika "saa moja usiku, baada ya Magharibi". Lau asingekuwa nacho, asingekuwa na ushahidi wowote mkononi, na daftari la kiwanda lingemshuhudia kinyume.

1. SAA ZIANDIKWE KWA MTINDO MMOJA

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kuchagua mtindo mmoja wa kuandika saa na kuutaja juu ya kila ukurasa wa daftari. Tunapendekeza saa za Kiswahili, pamoja na neno la wakati: asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Nambari peke yake isikubaliwe.

Saa za Kiswahili zina wepesi wake katika hesabu. Mfanyakazi aliyeingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 11:15 jioni, muda wake hupatikana kwa kutoa moja kwa moja: saa 11 na dakika 15, toa saa 1 na dakika 30, inabaki saa 9 na dakika 45. Akitoka baada ya saa 12:00 jioni, karani aongeze 12 kwanza. Saa 1:00 usiku ihesabiwe kuwa ni 13:00, kisha itolewe saa ya kuingia. Baada ya hapo upunguzwe muda wa mapumziko, ikiwa kweli mfanyakazi alipumzika. Aliyebaki akilinda sufuria jikoni wakati wenzake wanakula hakupumzika, na nusu saa yake isikatwe.

2. KUJUA SAA YA ZIADA HUANZA WAPI

Mwajiri aanze na mkataba wa kazi, ambao hauruhusiwi kumpa mfanyakazi pungufu ya kile kilichowekwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Katika mkataba atafute mambo matatu: saa za kawaida za kila siku, kima cha malipo ya saa ya ziada, na iwapo saa za ziada huhesabiwa kwa siku au kwa wiki.

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha sabuni ya mwani. Mkataba wake unasema kazi huanza saa 1:30 asubuhi na kumalizika saa 9:30 alasiri, na nusu saa ya mapumziko ndani yake, yaani saa 7 na nusu za kazi. Siku ya Ijumaa kazi humalizika saa 6:00 mchana kwa ajili ya sala, nazo ni saa 4 na nusu bila mapumziko. Jumapili ni siku ya mapumziko. Siku tano za saa 7 na nusu pamoja na Ijumaa hufanya saa 42 kwa wiki. Ujira ni shilingi 2,400 kwa saa. Saa ya ziada katika siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 3,600, na saa ya siku ya mapumziko hulipwa mara mbili, yaani shilingi 4,800. Saa za ziada huhesabiwa siku kwa siku.

Izingatiwe hapa hali ya Ijumaa. Mfanyakazi anayeitwa kurudi baada ya sala na kufanya kazi saa mbili, saa hizo zote mbili ni za ziada, ingawa jumla ya saa zake za siku hiyo haijafika saa 7 na nusu. Karani anayetumia kipimo kimoja kwa siku zote atazilipa kama saa za kawaida bila ya kujua kuwa amekosea.

3. MFANO WA WIKI MOJA

Daftari la Mfanyakazi Namba 4 wa kiwanda hicho lilisomeka hivi:

Jumatatu: kuingia saa 1:30 asubuhi, kutoka saa 9:30 alasiri.
Jumanne: kuingia saa 1:30 asubuhi, kutoka saa 11:15 jioni.
Jumatano: kuingia saa 1:30 asubuhi, kutoka saa 9:30 alasiri.
Alhamisi: kuingia saa 1:30 asubuhi, kutoka saa 11:50 jioni.
Ijumaa: kuingia saa 1:30 asubuhi, kutoka saa 6:00 mchana.
Jumamosi: kuingia saa 3:30 asubuhi kwa ruhusa isiyo na malipo, akiandikisha mtoto skuli, kutoka saa 9:30 alasiri.
Jumapili: aliitwa; kuingia saa 2:00 asubuhi, kutoka saa 6:00 mchana, bila mapumziko.

Tuzitazame kwanza saa za kawaida. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi ni saa 7 na nusu mara nne, sawa na saa 30. Ijumaa ni saa 4 na nusu. Jumamosi, baada ya kutoa mapumziko, ni saa 5 na nusu. Jumla ni saa 40, ambazo kwa shilingi 2,400 ni shilingi 96,000.

Saa za ziada zilikuwa siku mbili. Jumanne alikaa saa 1 na dakika 45 baada ya saa 9:30, na Alhamisi saa 2 na dakika 20. Njia iliyo salama ni kuzigeuza zote kuwa dakika: Jumanne dakika 105, Alhamisi dakika 140, jumla dakika 245. Shilingi 3,600 kwa saa ni shilingi 60 kwa dakika. Basi dakika 245 mara 60 ni shilingi 14,700.

Jumapili ni saa 4 mara shilingi 4,800, sawa na shilingi 19,200. Malipo ya wiki nzima ni 96,000 na 14,700 na 19,200, jumla shilingi 129,900 kabla ya makato ya kisheria.

4. MAKOSA MAWILI YALIYOFANYWA

Karani wa kwanza hakufika kwenye jumla hiyo. Kosa lake la kwanza lilikuwa kuandika saa 1 na dakika 45 kuwa 1.45, na saa 2 na dakika 20 kuwa 2.20, kisha kuzijumlisha kwa kikokotoo na kupata 3.65. Kikokotoo hakijui dakika, kwake 3.65 ni saa 3 na sehemu 65 katika 100. Saa ina dakika 60, wala si 100. Saa za kweli ni 4 na dakika 5. Kosa hilo peke yake lilipunguza shilingi 1,560. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: ukikuta katika hesabu za saa nambari kama .15, .30 au .45 zikijirudia kila ukurasa, uliza iwapo ni dakika zilizoandikwa kama sehemu za mia.

Kosa la pili ni kuziba pengo. Karani aliona kuwa mfanyakazi ana saa 40 za kawaida badala ya 42, akachukua saa mbili katika zile za ziada ili kujazia pengo la Jumamosi. Saa mbili hizo zikalipwa shilingi 2,400 badala ya shilingi 3,600. Lau mkataba ungesema kuwa saa za ziada huanza baada ya saa 42 za wiki, hesabu yake ingekuwa na hoja. Lakini mkataba huu huhesabu kwa siku, na ruhusa ya Jumamosi imekwishalipiwa kwa kukosa ujira wa saa zile mbili. Kosa hili lilipunguza shilingi 2,400 nyingine.

Kwa makosa yote mawili mfanyakazi alipungukiwa na shilingi 3,960 katika wiki moja. Wiki yenye saa za ziada ikijirudia hivyo mara 50, upungufu ni shilingi 198,000, ambazo ni zaidi ya malipo ya wiki nzima. Mfanyakazi haoni upungufu huo kwa sababu hupewa jumla moja tu mkononi, na mwajiri hulikuta deni lote siku shauri linapofika mbele ya Afisa wa Kazi.

5. DAFTARI LINALOWEZA KUSIMAMA KAMA USHAHIDI

Daftari liwe la kurasa zilizofungwa na kupewa nambari, si karatasi zilizo huru. Kila siku iwe na mstari wake: tarehe, saa ya kuingia, muda wa mapumziko, saa ya kutoka, na sahihi ya mfanyakazi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Liandikwe siku ile ile kwa kalamu ya wino. Ukurasa uliojazwa mwisho wa wiki hujitambulisha wenyewe: wino ni mmoja, mwandiko ni mmoja, na kila mtu ameingia saa 1:30 kamili bila ya dakika moja kuzidi wala kupungua.

Kosa likitokea, likatwe kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya awali yakisomeka, kisha mwandishi na mfanyakazi watie sahihi pembeni. Rangi nyeupe ya kufutia isitumike kamwe, kwani hufanya hata sahihisho la haki lionekane kuwa ni udanganyifu.

Saa za ziada ziamriwe kwa maandishi kabla ya kufanywa, kwa karatasi fupi yenye jina la msimamizi, kazi iliyotakiwa na muda wake. Ikiwa msimamizi aliona kazi ikiendelea naye akanyamaza, kukosekana kwa karatasi kusimnyime mfanyakazi haki ya kazi aliyoifanya.

Mwisho, hati ya malipo ioneshe mistari mitatu mbalimbali: saa za kawaida, saa za ziada na saa za siku ya mapumziko, kila mmoja na idadi yake, kima chake na jumla yake. Nakala moja apewe mfanyakazi, na nyingine ihifadhiwe pamoja na daftari, hata baada ya mfanyakazi huyo kuacha kazi.

Wafanyakazi nao wanashauriwa kuweka kijitabu chao cha saa na kukilinganisha na hati ya malipo kila wiki. Anayeona tofauti aanze kwa karani wake, daftari likiwa wazi mbele yao wote wawili. Wasipoafikiana, shauri lipelekwe Ofisi ya Kamisheni ya Kazi, likiambatana na kijitabu, hati za malipo na nakala ya mkataba.