Ahadi ya Kulipa Iandikwe Daftarini

Mteja akisema, "Nitalipa Ijumaa," wauzaji wengi huandika deni na kuiacha ahadi. Andika siku aliyoahidi, kiasi alichotaja na kiasi alicholeta siku hiyo.

Chukua mfano wa muuza maziwa anayepelekea hoteli lita 20 kila siku. Hununua lita kwa shilingi 50 na kuuza kwa shilingi 60. Faida yake ni shilingi 200 kwa siku. Deni lilipofika siku 7, yaani shilingi 8,400, mwenye hoteli aliahidi kulipa lote Ijumaa. Siku hiyo alileta shilingi 2,000, akaahidi kumaliza Jumatatu. Jumatatu hakuleta kitu, wala hakupiga simu. Kwa kuwa maziwa yaliendelea kupelekwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, deni sasa ni shilingi 10,000. Amelipa, lakini deni limepanda.

Hapo ndipo pa kusimamisha mzigo. Kila siku isiyolipwa humla muuzaji mtaji wa shilingi 1,000, ambao ni faida ya siku 5.

Kusimamisha si kugombana. Mwambie mteja mapema: maziwa ya leo ni kwa pesa taslimu, na deni la zamani utalipa shilingi 500 kila siku kwa M-Pesa, ili ujumbe wa simu ubaki kuwa ushahidi. Mteja anayetoa taarifa kabla ya siku aliyoahidi anaweza kuongezewa muda mara moja. Anayenyamaza asiongezewe.